Memo ya kiolezo kipya cha tasnifu imetua: usiguse pambizo kabla hujasoma aya ya mwisho

Ujumbe uliingia kwenye kikundi chetu cha WhatsApp saa nne usiku. PDF moja, kurasa mbili, nembo ya chuo juu na muhuri wa idara chini. Kwa dakika nzima hakuna aliyesema kitu. Kisha mmoja akaandika "Wueh!" na wengine wakafuata.

Kama unasomea uzamili, huenda umeshapokea memo ya aina hiyo, ama iko njiani inakuja. Mwenyekiti wa idara anawafahamisha wanafunzi wote kwamba kiolezo cha tasnifu kimefanyiwa marekebisho, anaorodhesha yanayofaa kubadilishwa, na anamaliza kwa kusema kazi iliyoandikwa kwa mtindo wa zamani haitapokewa. Yangu ilikuja wiki tatu kabla ya siku ya kuwasilisha. Msimamizi alikuwa ameshaipitisha rasimu na mimi nilikuwa nimeanza kuulizia bei ya kukodi joho. Nilisomea Kiswahili, kwa hivyo mifano yangu ni ya huko, lakini ukiwa wa elimu, historia ama uchumi shida ni zile zile.

Memo yenyewe ilikuwa na vipengele tisa. Pambizo ya kushoto itoke milimita 25 hadi 40. Nafasi kati ya mistari ipungue kutoka 2 hadi 1.5. Namba za kurasa zishuke chini katikati, za Kirumi kwa kurasa za mwanzo na za kawaida kuanzia Sura ya 1. Vichwa viandikwe kwa mitindo ya Word. Yaliyomo yajitengeneze yenyewe. Majedwali na michoro ihesabiwe kwa sura, na jina likae juu. Marejeleo yafuate toleo la 7 la APA. Ungamo liwe na maneno mapya. Nakala ya leseni ya utafiti iwekwe kwenye viambatisho.

Ukisoma orodha hiyo haraka unaona kazi ya jioni moja. Mimi nilisoma haraka. Nilifungua kompyuta usiku huo huo, nikabadilisha pambizo, nikalala nikijiona nimeshaanza. Hilo ndilo kosa la kwanza, na ninataka kukuonyesha kwa nini.

Anzia chini

Aya ya mwisho ya memo kama hii ndiyo inayosema inamhusu nani. Yetu ilisema hivi, kwa ufupi: kiolezo kipya ni cha kila ambaye hajawasilisha kwa ajili ya kutahiniwa kufikia tarehe fulani. Aliyewasilisha tayari, ambaye tasnifu yake iko kwa watahini, aendelee na mtindo wa zamani na abadilishe wakati wa kufanya masahihisho baada ya kujitetea.

Katika darasa letu kulikuwa na dada mmoja aliyekuwa amewasilisha wiki moja kabla. Aliiona orodha, akaogopa, akaomba nakala zake zirudishwe ili azirekebishe. Hakuhitaji kufanya hivyo. Alipoziwasilisha upya alihesabiwa kama mtu mpya na akarudi nyuma ya foleni. Kwa hivyo tafuta kwanza neno "kuwasilisha" katika memo yako, uone linamaanisha hatua gani: kutoa notisi ya kuwasilisha, kupeleka nakala za watahini, ama kupeleka nakala ya mwisho yenye jalada gumu. Hizo ni hatua tatu tofauti. Kama memo haielezi, mwandikie karani wa idara barua pepe ya mistari miwili ili upate jibu la maandishi. Jibu la kwenye korido halina shahidi.

Kitu cha pili cha kusoma kabla ya kugusa faili ni kile cha leseni. Wengi hukiona kama karatasi ya kuongeza nyuma tu, lakini vipengele vingine vyote vinarekebishwa kwa kompyuta, na hiki hakirekebishwi hivyo. Nchini Kenya leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, chini ya sheria ya mwaka 2013. Inafaa ipatikane kabla hujaenda nyanjani. Ina tarehe ya kutolewa na tarehe ya kuisha.

Ukiweka nakala yake kwenye viambatisho, mtahini anaweza kufanya jambo rahisi sana: kulinganisha tarehe hizo na zile ulizoandika katika sura ya mbinu za utafiti. Kama ulisema ulikusanya data mwezi wa Februari na leseni ni ya Mei, swali litaulizwa. Jamaa mmoja tuliyekuwa naye aligundua hilo siku ya memo. Hakuwa na leseni kabisa. Alikuwa amewahoji walimu wa shule mbili kwa barua ya idara tu. Alichofanya vizuri ni kwamba hakujaribu kuficha. Aliacha pambizo na fonti, akaenda kwa msimamizi asubuhi iliyofuata. Alirudi nyanjani baada ya kupata leseni, na akamaliza miezi kadhaa baada yetu. Kama wewe uko hapo, usipoteze usiku wako na majedwali. Nenda uongee na msimamizi kwanza.

Kwa nini mambo sita ni jambo moja

Sasa twende kwenye faili. Yangu ilikuwa na kurasa 14 za mwanzo, yaani jalada la ndani, ungamo, tabaruku, shukrani, ikisiri, yaliyomo na orodha zake. Kuanzia sura ya kwanza hadi kiambatisho cha mwisho zilikuwa kurasa 118.

Fikiria kinachotokea ukibadilisha nafasi ya mistari kutoka 2 hadi 1.5. Maandishi yanachukua robo tatu ya urefu wa zamani. Lakini pambizo ya kushoto nayo imeongezeka milimita 15. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210, kwa hivyo mstari wako uliokuwa na milimita 160 sasa una 145. Mistari inakuwa mingi kidogo. Ukipiga hesabu zote mbili, kurasa 118 zinafaa kushuka hadi karibu 98. Zangu zilishuka hadi 101, kwa sababu majedwali hayapungui kama aya.

(Na kama unajiuliza hiyo milimita 40 ni ya nini: ni ya kujalidi. Nakala ya mwisho inashonwa upande wa kushoto na kupewa jalada gumu. Bila nafasi hiyo, herufi za kwanza za kila mstari zinamezwa na mshono.)

Hapo ndipo nilipoona kosa la ule usiku wa kwanza. Yaliyomo yangu niliyaandika kwa mkono, na vidoti vyake vyote, nikigonga kidoti hadi mwisho wa mstari kama mtu anayesuka mkeka. Sasa kila namba ilikuwa ya uongo. Katika matini nilikuwa nimeandika "tazama ukurasa wa 64", na ukurasa wa 64 ulikuwa umehama. Nilikuwa nimesema "Jedwali 7", na memo inataka Jedwali 4.3. Kubadilisha pambizo ni kubonyeza mara mbili. Kilichobomoka ni kila kitu kilichokuwa kinategemea namba niliyoichapa kwa vidole vyangu.

Ndiyo maana memo inataka mitindo ya Word. Kipengele cha vichwa, cha yaliyomo, cha majedwali, cha michoro, cha namba za kurasa na cha nafasi ni kitu kimoja kwa kweli: idara inataka faili inayojihesabu yenyewe. Ukishafanya vichwa kuwa vichwa halisi, vingine vinafuata. Ukianza na vingine, utavirudia.

Jipime sasa hivi. Fungua tasnifu yako, bonyeza mahali popote ndani ya yaliyomo. Ikiwa orodha yote inageuka kijivu, ni ya kujitengeneza. Ikiwa kishale kinasimama tu katikati ya vidoti, karibu chamani.

Kuhamisha bila kumwaga

Idara ilitupa kiolezo kama faili tupu yenye mitindo yake tayari. Njia niliyoiona ikifanya kazi ni kuhifadhi nakala ya tasnifu ya zamani pembeni, bila kuigusa tena, kisha kuhamisha sura moja moja kwenda kwenye kiolezo.

Word inakuuliza unataka kubandika vipi. Hapa ndipo watu huumia. Ukichagua `Keep Source Formatting`, unaingia kwenye nyumba mpya na kunguni wa zamani: nafasi zako za 2 na fonti zako zinakuja nazo. Ukichagua `Keep Text Only`, unapata maandishi safi, lakini italiki zote zinapotea na majedwali yanageuka kuwa mistari ya maneno. Kwangu hilo lingekuwa janga, kwa sababu katika tasnifu ya isimu kila mfano wa sentensi umeandikwa kwa italiki, na nilikuwa na zaidi ya mia mbili. `Merge Formatting` ndiyo ya katikati. Inachukua sura ya kiolezo lakini inaacha italiki na maandishi yaliyokozwa. Jaribu kwanza na kurasa tano za sura yenye mifano mingi, ulinganishe na faili ya zamani mstari kwa mstari, ndipo uendelee.

Sura ikishaingia, unapita ukiweka `Heading 1` kwa jina la sura, `Heading 2` kwa sehemu kama 4.2, na `Heading 3` kwa zile za 4.2.1. Memo yetu ilisema ngazi tatu basi. Mimi nilikuwa na ya nne katika sura ya uchanganuzi, na baada ya kuitazama vizuri niligundua vichwa hivyo vilikuwa na aya moja moja chini yake. Niliviondoa vyote, na sura haikupoteza chochote.

Halafu nikaona kichekesho. Sura yangu ya nne ilisomeka "SURA YA 4 SURA YA NNE", na chini yake "4.2 4.2 Uchanganuzi wa Data". Kiolezo kilikuwa kinaweka namba chenyewe, na mimi nilikuwa nimebandika zangu za zamani. Inabidi ufute zile ulizochapa. Ni kazi ya mkono, lakini ifanye, kwa sababu namba ya kiolezo ndiyo inayolisha majedwali. Word ikiona "NNE" imeandikwa kwa maneno haijui hiyo ni 4. Haiwezi kukupa Jedwali 4.1.

Majedwali yenyewe ni rahisi baada ya hapo. Bonyeza jedwali, nenda `References`, kisha `Insert Caption`. Mara ya kwanza utaona majina ya Kiingereza peke yake, kwa hivyo bonyeza `New Label` uandike Jedwali, kisha ufanye tena kwa Mchoro. Kwenye `Position` chagua `Above selected item`. Kwenye `Numbering` weka alama kwa `Include chapter number`, na hapo hapo badilisha kitenganishi kutoka kistari hadi nukta, la sivyo utapata Jedwali 4-1, na karani atakurudishia kwa sababu ya kistari. Usicheke, nimeona ikitokea.

Kuhusu jina la mchoro kukaa juu, wengi wetu tulidhani idara imekosea. Tumefundishwa jedwali jina juu, mchoro jina chini. Kumbe ni APA wenyewe waliobadilisha. Katika toleo la 7, namba na jina vinakaa juu kwa vyote viwili, na maelezo ya ziada ndiyo hubaki chini.

Kazi ya kuchosha iliyobaki ni matini. Tafuta neno "Jedwali" kwa `Ctrl+F` na upitie kila linapotokea. Pale uliposema "Jedwali 7", futa na uweke `Cross-reference` badala yake, ili namba ikibadilika huko, ibadilike na hapa. Nilikuwa na majedwali 11 na nilikuwa nimeyataja mara 34. Ilinichukua chini ya saa mbili, na redio ikiwa imewashwa.

APA: kilichobadilika ni kidogo kuliko unavyodhani

Toleo la 7 lilitoka Oktoba 2019, na bado kuna watu wanaandika la 6 kwa sababu walirithi marejeleo kutoka kwa tasnifu ya mtu aliyewatangulia. Ukisikia "badilisha marejeleo yote" unaweza kutaka kulia, lakini kwa mtu mwenye vitabu vingi na makala kadhaa, yanayokuhusu hasa ni mambo matatu.

Chukua kitabu ambacho kila mwanafunzi wa sarufi amekifungua, *Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu* cha Massamba, Kihore na Hokororo, cha mwaka 1999. Katika toleo la 6, unapokitaja mara ya kwanza unaandika majina yote matatu, na mara ya pili ndipo unasema Massamba na wenzake. Katika toleo la 7, waandishi wakiwa watatu au zaidi, unasema "Massamba na wenzake (1999)" tangu mara ya kwanza. Kisha kwenye orodha ya mwisho, pale ulipoandika "Dar es Salaam: TUKI", mji unaondoka. Inabaki "TUKI" peke yake. Majina yote matatu yanaendelea kuandikwa huko kwenye orodha, usiyakate.

La tatu ni makala za majarida. Kama makala ina DOI, inaandikwa kama kiungo kamili kinachoanza na `https://doi.org/`, na lile neno `doi:` la mbele halipo tena.

Kuondoa miji kunakuvutia kutumia `Find and Replace`: tafuta "Nairobi: ", weka hewa. Inafanya kazi, lakini chagua kurasa za marejeleo peke yake kwanza. Word ikimaliza sehemu uliyochagua itakuuliza kama iendelee na faili iliyobaki. Kataa. Rafiki yangu alikubali. Sura yake ya tatu ilikuwa na sentensi iliyotaja kaunti alizozuru, ya mwisho ikiwa Nairobi na nukta pacha mbele yake, na jiji zima likatoweka kwenye utafiti wake. Mtahini ndiye aliyeliona.

Namba za kurasa, pale nilipoanguka

Hii niliiacha mwisho, na nakushauri nawe uiache mwisho, kwa sababu chochote unachoongeza baadaye kinaweza kuivuruga.

Ili kurasa za mwanzo ziwe na i, ii, iii na sura zianze na 1, Word inahitaji kujua kwamba hizo ni sehemu mbili. Kuruka ukurasa kwa kawaida hakutoshi. Weka kishale mbele kabisa ya kichwa cha Sura ya 1, nenda `Layout`, `Breaks`, na chini ya `Section Breaks` chagua `Next Page`. Kisha bonyeza namba ya ukurasa katika kila sehemu, fungua `Format Page Numbers`, uweke za Kirumi kwa ya kwanza na za kawaida kwa ya pili, na kwa ya pili useme `Start at` 1. Ukibadilisha namba na tasnifu yote ikageuka kuwa ya Kirumi hadi marejeleo, ujue ule mkato haupo.

Ukurasa wa jina hauna namba, ingawa unahesabiwa. Unaificha kwa `Different First Page`. Lakini ikiwa ulibonyeza hiyo kabla ya kuweka mkato, sehemu mpya inairithi, na ukurasa wa kwanza wa Sura ya 1 unabaki bila namba huku wa pili ukionyesha 2. Nenda kwenye sehemu hiyo uondoe alama. Hilo nililiona mapema, nikajipongeza.

Nisiloliona lilikuwa kwenye sura ya nne. Nilikuwa na jedwali moja pana, lenye safu tisa, ambalo halikutosha karatasi ikiwa imesimama. Nililaza ukurasa huo mmoja. Kulaza ukurasa mmoja kunahitaji mkato mbele na mkato nyuma, na kila mkato unarithi tabia za sehemu uliyoikata. Sehemu yangu ilikuwa imeambiwa ianze na 1. Kwa hivyo ukurasa uliolala ukaanza na 1, na ulioufuata ukaanza na 1 tena. Tasnifu ikawa na kurasa za kwanza tatu.

Mimi sikuziona kwa sababu nilikuwa nikitazama skrini, na skrini ilinionyesha maneno, si pembe za chini za karatasi. Nilienda saiba, nikachapisha nakala nne za watahini. Kurasa 115 kwa kila nakala, shilingi 5 kwa ukurasa. Hiyo ni 2,300, kabla ya kuzifunga kwa spairo. Karani alichukua nakala ya juu, hakusoma hata neno moja la utafiti wangu wa miaka miwili. Alifungua yaliyomo, akaweka kidole, akaniuliza kwa upole, "Kijana, Sura ya Tano iko ukurasa wa 14, na ya Nne iko wa 52. Umeandika kurudi nyuma?"

Zilikuwa zimebaki siku mbili. Ningekosa tarehe hiyo, ningelipa karo ya muhula mwingine kwa sababu ya jedwali moja lililolala. Marekebisho yenyewe yalichukua dakika moja: kwenye sehemu hizo mbili, `Format Page Numbers`, kisha `Continue from previous section` badala ya `Start at`. Zile 2,300 hazikurudi. Nilikopa za pili.

Kwa hivyo, kabla ya kuchapisha, fanya alichofanya yule karani. Bonyeza `Ctrl+A` kisha `F9`. Word itakuuliza kuhusu yaliyomo. Chagua `Update entire table`, usichague ile ya namba peke yake, maana vichwa vyako pia vimebadilika. Soma orodha ya yaliyomo kutoka juu hadi chini ukiangalia namba pekee. Zinafaa kupanda tu. Ikishuka mahali popote, kuna mkato umeanza upya. Kisha tafuta neno `Error!` kwenye faili nzima. Ukipata `Error! Reference source not found`, kuna jedwali ulilolifuta na matini bado yanalitaja. Fungua majedwali matatu uliyochagua ovyo, uone kama namba iliyo kwenye matini ndiyo iliyo juu ya jedwali.

Na utengeneze PDF kwenye kompyuta uliyoandikia. Ukipeleka faili ya Word saiba, mashine yao ikiwa na toleo lingine ama ikikosa fonti yako, aya zinasogea, na ukurasa wa 58 unakuwa wa 59 bila mtu yeyote kukuambia. PDF haisogei. Ipeleke hiyo kwenye fleshi, na utume nyingine kwa barua pepe yako mwenyewe.

Kuhusu ungamo, memo ilitoa maneno kamili. Yanakili yalivyo, nukta na mkato, usiyaboreshe hata kama Kiswahili chako ni kizuri kuliko cha idara. Kumbuka tu kwamba ukurasa huo una sahihi ya msimamizi, na ule aliotia sahihi mwezi jana ni wa maneno ya zamani. Itabidi atie tena. Wangu alikuwa amesafiri kwenda Kisumu kutahini, anarudi Alhamisi, na mimi nawasilisha Ijumaa. Nilimngoja nje ya ofisi yake tangu saa mbili asubuhi, karatasi nne mkononi, kalamu mbili mfukoni endapo moja ingegoma. Alifika saa saba na robo. Alitia sahihi zote nne akiwa amesimama mlangoni, begi bado begani, kisha akaniuliza kama nimeangalia namba za kurasa.